Fremu Kumi kwa Sekunde

Shemeji yangu ni mtu wa kubana vitu. Nguo za safari ya wiki nzima atazikunja mpaka ziingie kwenye begi la daftari, na kabati lake la jikoni limepangwa kiasi kwamba ukitoa kikombe kimoja huwezi kukirudisha bila kumwita mwenyewe. Kazini wanamwita Kilobiti, kipimo kidogo cha data. Jina hilo alipewa na wahadhiri wa chuo anachofanyia kazi, naye alilipokea kwa furaha, kwa sababu ni mtu asiyejua anapotaniwa. Namwandika kwa sababu nimemchukia kwa miaka miwili, na chuki hiyo imenichosha.

Mimi ni kiziwi tangu kuzaliwa, na ni mwalimu kwenye shule ya watoto viziwi. Mdogo wangu, aliyekuwa mke wake, alikuwa kiziwi pia, na binti yao vilevile. Kwa hiyo nyumbani kwao Kilobiti ndiye aliyekuwa mgeni. Tulimwonea huruma. Maskini, tukisema, usiku anasikia mbwa wa jirani, mchana anasikia wakubwa zake wakigomba, atapumzika lini? Alijifunza lugha ya ishara akiwa na miaka thelathini, kwa ajili ya mdogo wangu, na mikono yake mpaka leo inakwenda polepole kama ya mtu anayefunga vifungo gizani. Lakini alijifunza. Wanaume wangapi wanajifunza? Hilo nilimhesabia hata siku nilizokuwa sitaki kumwona.

Kazi yake ni kurekodi masomo. Chuoni kuna chumba kidogo kisicho na dirisha, chenye kamera moja, taa tatu na kompyuta moja, na wahadhiri huingia mmoja mmoja kufundisha ukuta. Mwanafunzi aliyeko mbali anapakua somo kwenye simu yake, na vifurushi vya intaneti si vya bure, basi somo la saa nzima lazima liwe dogo. Hapo ndipo Kilobiti alipojipatia heshima. Wenzake walikuwa wakitoa somo la saa moja likawa gigabaiti mbili. Yeye akalifikisha megabaiti mia mbili na kitu, na maandishi ubaoni yakasomeka mpaka nukta. Mkuu wa idara alimwandikia barua ya pongezi. Barua hiyo imebandikwa mlangoni mpaka leo.

Siku moja alinieleza siri yake, tumekaa kwenye kochi lao, yeye na karatasi na kalamu kwa sababu ishara zilimwishia. Video, aliniambia, ni picha nyingi zinazopita haraka, na kila picha inaitwa fremu. Una mambo matatu ya kuamua. La kwanza ni ukubwa wa picha, yaani ina mistari mingapi toka juu mpaka chini. La pili ni fremu ngapi kwa sekunde. La tatu ni biti ngapi utatumia kwa kila sekunde, na hilo ndilo linaloamua faili litakuwa zito kiasi gani. Biti ni kama posho, alisema, ukishaipanga lazima fremu zote za sekunde hiyo zigawane. Ukiwa na fremu nyingi na posho ndogo, kila moja inapata kidogo, na picha inavimba vimraba vimraba.

"Sasa," alisema, na hapo uso wake ukang'aa, "mhadhiri anafanya nini? Anasimama. Maandishi yanafanya nini? Yamekaa. Kitu kisichosogea hakili posho. Kwa hiyo naacha picha kubwa, mistari elfu moja na themanini, ili maandishi madogo yasomeke. Halafu nakata fremu. Kamera inanipa hamsini kwa sekunde, mimi nachukua kumi. Natupa nne kwa kila tano. Posho naweka kilobiti mia tano tu. Hakuna anayegundua."

"Mdomo wa mhadhiri je?" nilimuuliza.

"Unarukaruka kidogo. Lakini nani anautazama mdomo? Sauti ipo."

Tulicheka wote watatu, mimi, yeye na mdogo wangu aliyekuwa akimlisha mtoto uji. Mpangilio huo aliuhifadhi kwenye programu ya kompyuta kwa jina moja tu, Darasa. Faili lolote likiingia, unabonyeza Darasa, unakwenda kunywa chai, ukirudi limeshakuwa dogo.

Mdogo wangu alianza kuumwa mtoto akiwa na miaka mitatu. Sitaeleza ugonjwa. Aliyewahi kuuguza anaujua, na asiyewahi simtakii. Ilipofika mahali madaktari wakaanza kuzungumza na ukuta badala ya kutuangalia usoni, mdogo wangu alinitazama akasema, "Nina maneno ya mtoto. Nataka yarekodiwe."

Alitaka kumwachia binti yake mazungumzo, si salamu. Mazungumzo ya mama na binti, ya siku ya kwanza ya shule, ya siku ya kwanza ya hedhi, ya siku atakayopenda mtu asiyempenda. Mtoto anayesikia, mama yake akifa, atabaki na sauti za shangazi na bibi, atasimuliwa na yeyote. Mtoto kiziwi kwenye mtaa wa wanaosikia ana watu watatu wanne tu wa kumsimulia. Mdogo wangu alilijua hilo kuliko wote.

Kilobiti aliazima kamera ya chuo. Naomba nimtendee haki: kurekodi alirekodi vizuri sana. Alimweka mke wake kwenye kiti karibu na dirisha la chumba cha kulala, mwanga ukimwangukia mbele, shuka la bluu lisilo na maua nyuma yake ili mikono ionekane. Kamera aliiweka kwenye miguu mitatu, akaipima kuanzia kichwani mpaka kiunoni, akamwomba apunge mikono kulia na kushoto ahakikishe haitoki nje ya picha. Alirekodi kwa mistari elfu moja na themanini, fremu hamsini, megabiti ishirini na nane kwa sekunde, yaani zaidi ya mara hamsini ya posho ya Darasa. Hakuna mtu aliyewahi kurekodiwa vizuri hivyo kwenye mtaa ule.

Kisha alikuwa anabonyeza kitufe na kutoka nje. Mdogo wangu ndiye aliyetaka hivyo. "Maneno si yako," alimwambia. "Ukikaa hapo nitalia, na nikilia mikono itatetemeka." Basi Kilobiti alikuwa anakaa kwenye ngazi nje, anasubiri nusu saa, anarudi kuzima. Mara kumi na moja walifanya hivyo, ndani ya wiki saba. Mimi nilikuwa shuleni na watoto wa watu. Ninayesimulia sikuwepo, aliyekuwepo alikuwa nje ya mlango, na aliyekuwa ndani hayupo.

Rekodi ya kumi na moja ni ya dakika tisa. Baada ya hapo hakuweza tena kukaa kwenye kiti.

Wiki tatu baada ya mazishi, chuo kiliingia kwenye majira ya mitihani. Kila mhadhiri alitaka kurekodi marudio, na kila mhadhiri alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Diski ya kompyuta ya studio ikajaa. Kilobiti akafungua kuangalia nini kinakula nafasi, akakuta faili zake mwenyewe, kumi na moja, saa tano na nusu, gigabaiti karibu sabini. Alikuwa ameziweka hapo kwa sababu hakuwa na diski nyingine, na kadi za kamera zilikuwa za chuo, zilishafutwa na kutumika. Mkuu wa idara alikuwa amesimama mlangoni na saa mkononi.

Hakuwahi kuzitazama. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia kuwa kila alipozigusa na kishale kidole kilikataa kubonyeza. Mimi kwa hilo simlaumu. Mimi mwenyewe gauni la mdogo wangu lilikaa kwenye mfuko miezi mitano ndipo nikathubutu kulinusa.

Akafanya alichofanya kila siku kwa miaka sita. Akazichagua zote kumi na moja, akabonyeza Darasa.

Zilipokuwa tayari alizihakiki, msidhani hakuhakiki. Yeye si mtu wa ovyo. Chuoni wana namna yao ya kuhakiki, na yeye ndiye aliyeibuni: unafungua faili jipya, unasimamisha picha, unatafuta kitu kidogo kuliko vyote na kuona kama kinasomeka. Kikisomeka, unafuta faili la zamani. Alifungua la kwanza, akasimamisha kabla hata mdogo wangu hajainua mikono. Alikuwa ameketi, mikono mapajani, anatazama kamera. Kilobiti akasogeza uso karibu na kioo, akahesabu mishono kwenye kola ya blauzi yake. Ilihesabika. Hata kovu dogo la tetekuwanga juu ya mdomo alilikuta mahali pake. Akafungua nyingine mbili tatu, akasimamisha mwanzoni vivyo hivyo, kwa sababu kuziacha ziende hakuweza. Zote safi.

Gigabaiti sabini zilikuwa zimekuwa moja na kidogo. Alifurahi, aliniambia. Zingeingia hata kwenye simu ya mtoto. Akafuta zile kubwa, na mhadhiri wa hesabu akaingia kurekodi.

Miezi miwili ilipita ndipo akaniletea flashi nyumbani. Alikuwa ameifunga kwenye kitambaa. Alisema, "Shemeji, mimi siwezi kuangalia. Wewe tangulia. Uniambie ipi mtoto anaweza kuonyeshwa sasa na ipi asubiri akue." Akaketi kiti cha pembeni, akageukia ukutani kabisa.

Nikaichomeka kwenye kompyuta yangu. Mdogo wangu akatokea. Alikuwa mzima, amejipaka mafuta mdomoni, ametabasamu kwa upande mmoja kama alivyokuwa akitabasamu tangu ana miaka mitano. Nilimshukuru Kilobiti moyoni, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa shukrani.

Kisha akainua mikono.

Niliona ishara ya neno "mwanangu". Nikaona mkono uko kifuani, halafu mkono uko juu ya bega, na katikati hakuna kitu. Nikadhani kompyuta imekwama. Nikarudisha nyuma. Mkono kifuani, mkono begani. Vidole vilipokwenda haraka havikuwa vidole tena, vilikuwa vimraba vya rangi ya ngozi vilivyotapakaa kwenye shuka la bluu, na vilipotulia vikawa vidole tena, safi, kila ukucha unaonekana, na neno limeshapita. Sisi neno haliko kwenye mkono uliotulia. Liko njiani. Mkono ukitoka hapa kwenda pale, njia ndiyo neno, na njia ndiyo aliyoikata. Pale tunapoandika jina la mtu herufi kwa herufi kwa vidole, herufi tano au sita zinapita kwa sekunde moja, kila herufi ilikuwa imebakiwa na fremu moja au mbili, na nazo zimevimba. Ilikuwa kama kusoma barua iliyonyeshewa mvua.

Nilimrushia kiti. Si kwa maneno, kiti chenyewe, kile cha mtoto cha plastiki, kikamgonga mgongoni akageuka.

"Umefanya nini?" nilimuuliza. "Umemfanya nini mdogo wangu?"

Alikuja akatazama. Sijawahi kuona mtu akielewa jambo polepole namna ile. Kwanza alitazama uso wa mke wake, akaanza kulia kwa ajili ya uso. Kisha akatazama mikono. Machozi yakasimama. Akanyoosha kidole kwenye kioo, akahesabu kitu kwa midomo, na nilijua anahesabu fremu. Akakaa chini sakafuni.

"Darasa," alisema, akaiandika herufi moja moja kwa vidole vyake vizito. "Nimebonyeza Darasa."

Nilimwambia maneno siku hiyo ambayo sitayaandika. Lililo jepesi kuliko yote nilimwambia kwamba amekaa kwetu miaka minane na bado anasikiliza. Kwamba mahali pa siri moyoni mwake aliamini sauti ipo. Hakujitetea. Angejitetea labda ningemsamehe mapema.

Namna sahihi ya kuzipunguza aliijua palepale sakafuni, na aliisema bila kuulizwa, nadhani kama adhabu. Ukubwa wa picha ndio ungepunguzwa. Ile mistari elfu moja na themanini haikuwa na kazi, hakuna maandishi madogo ya kusoma kwa mama anayezungumza na mwanawe. Angeshusha mpaka mistari mia saba na ishirini, akaacha fremu zote hamsini bila kugusa hata moja, akaipa kila sekunde megabiti mbili, shuka la nyuma limetulia halili kitu, kwa hiyo posho karibu yote ingekwenda usoni na mikononi. Alipiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi la sakafu yangu. Saa tano na nusu zingekuwa gigabaiti tano. Flashi aliyokuja nayo ilikuwa ya nane.

Kesho yake alizima kompyuta ya studio, akatoa diski, akaipeleka kwa fundi wa kurejesha data. Wahadhiri walipiga kelele, hakujibu mtu. Faili lililofutwa, aliniambia, haliondoki mara moja, linabaki pale mpaka kingine kiandikwe juu yake. Lakini miezi miwili ya mitihani na muhula mpya ilikuwa imeandikwa juu yake. Fundi alihangaika siku nne. Alichopata ni kipande cha mwanzo cha rekodi ya tatu, sekunde kumi na moja.

Tulikitazama pamoja. Ni mdogo wangu, fremu hamsini kwa sekunde, kila kidole kinapita hewani laini, unaweza kuona mpaka pete inavyolegea kwenye kidole kilichokonda. Anamtazama mtu aliye nyuma ya kamera. Anasema, "Imewaka? Una hakika? Haya toka, na usikae kwenye ngazi, kuna baridi." Basi. Kinaishia hapo. Maneno pekee yaliyobaki kamili alikuwa anamwambia Kilobiti, na Kilobiti alikaa kwenye ngazi vilevile.

Tangu hapo Jumapili zetu zilikuwa za kazi moja. Kilobiti alikuwa akija na mtoto, mtoto anacheza na wanangu uani, sisi tunafunga pazia. Yeye anabonyeza fremu moja moja, mimi nasoma, yeye anaandika kwenye daftari. Ishara za kawaida nilizipata nyingi. Ninajua mikono ya mdogo wangu, tumegombana kwayo tangu utotoni, nikiona ilikoanzia na ilikofikia naweza kusema ilipita wapi. Uso wake pia ulinisaidia, nyusi zake zikipanda najua anauliza, shavu likijaa najua anatia chumvi. Dakika moja ya rekodi ilitugharimu saa nzima, wakati mwingine mbili. Tulicheka mara kadhaa, siwezi kukataa. Mahali fulani anamwonya binti yake asije akaolewa na mtu anayesikia, halafu anatulia, anaongeza, "isipokuwa awe kama baba yako." Hilo lilisomeka lote. Kilobiti aliliandika kwa herufi kubwa, akatoka kwenda kunawa uso.

Kuna mahali sikuweza. Majina yote aliyoandika kwa vidole, ya watu, ya mahali, ya kitabu fulani alichotaka mtoto asome, yamekwenda. Tuliyaachia nafasi tupu kwenye daftari.

Na kuna rekodi ya sita.

Mtu anayesikia ana jina lililoandikwa kwenye cheti. Sisi tuna hilo na tuna jingine, jina la ishara, ambalo mtu hupewa na kiziwi mwenzake, na kila jina lina sababu yake. Langu ni kwa sababu ya mwanya. La mtoto ni vidole viwili vinavyopita juu ya jicho la kulia kisha vinafunguka. Alipewa na mama yake, siku ya tatu baada ya kumzaa, na nilipomuuliza sababu aliniambia, "Nitamwambia mwenyewe kwanza, akikua." Alikuwa mkaidi tangu zamani. Katika rekodi ya sita, dakika ya kumi na saba, anasema wazi, polepole, mikono inatulia mwisho wa kila ishara: "Sasa nikwambie kwa nini unaitwa hivi." Anatoa jina la mtoto. Kisha anacheka, anafurahi, na akifurahi mdogo wangu mikono yake haikamatiki. Ni sekunde nne. Fremu arobaini. Nimezitazama mpaka naziona nikifumba macho. Katika fremu ya tisa kuna kitu kama dirisha au mlango. Katika ya ishirini na mbili kuna herufi, labda ni moja, labda ni nyingine inayofanana nayo. Mengine yote ni vimraba. Kisha mikono inatulia mapajani, safi kabisa, na anasema, "Umeelewa? Usilisahau."

Nilimwambia Kilobiti tutunge. Sioni aibu kulisema. "Tuseme ni mwanga wa dirishani," nilimwambia. "Siku ya tatu, jua likampiga usoni, akafumbua macho. Ni zuri, na mtoto atalala nalo."

Alikataa. Nilimgombeza, nikamkumbusha nani aliyetufikisha hapa. Alikubali yote niliyosema, na bado akakataa.

"Maneno ya mama yake nimeyapunguza," alisema. "Siwezi tena kuyaongeza."

Siku hiyo ndiyo chuki ilianza kunitoka, ingawa sikumwonyesha.

Sasa anakuja shuleni kwetu kila mwisho wa muhula, kwa hiari yake, kurekodi wazazi na wanafunzi. Amebandika karatasi kwenye ukuta wa darasa langu: mwanga mbele, ukuta wa rangi moja, fremu zisiguswe, nafasi ikibana punguza ukubwa wa picha kwanza, na usifute mpaka kiziwi atazame faili jipya likienda, lisisimamishwe. Darasa aliliondoa kwenye kompyuta ya chuo. Masomo yamekuwa mazito kidogo, na wahadhiri wanalalamika kwamba Kilobiti amezeeka.

Mtoto alitimiza miaka sita mwezi uliopita. Amejifunza herufi za vidole, na anasoma haraka kuliko wenzake. Tulikubaliana kuwa ameshafikia umri wa rekodi ya sita. Nilikwenda kwao jioni, nikakaa kwenye kochi, mtoto katikati yetu. Alitazama bila kupepesa. Mahali palipokatika alikunja uso, lakini hakusimamisha, alikuwa anamfuata mama yake kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Ilipofika dakika ya kumi na saba alikaa wima, kwa sababu aliona jina lake.

Zikapita sekunde nne.

Akamgeukia baba yake. "Mama amesema nini?"

"Sijui," alisema Kilobiti.

"Mama mkubwa?"

"Hata mimi sijui, mwanangu," nilimjibu.

Kilobiti alishuka kwenye kochi, akapiga magoti mbele yake ili mikono yake ionekane vizuri. Nilikuwa nimemwandalia namna ya kulisema, hakuitumia. "Mama alisema vizuri," alimwambia. "Picha zake zilikuwa nyingi, na mikono yake yote ilikuwemo. Mimi nilitaka ziwe ndogo. Kwa kila picha tano nilibakisha moja. Kosa ni la baba."

Mtoto alifikiri. Ana namna ya kufikiri huku akikaza midomo.

"Zile nne," aliuliza, "umeziweka wapi?"

Kilobiti alifungua mikono mitupu. Akatikisa kichwa.

Mtoto hakulia. Alikwenda kwenye meza ya baba yake, akavuta droo ya flashi na kadi za kamera, zote zimepangwa safi kama anavyopenda, akaibeba droo nzima mpaka katikati ya chumba na kuimwaga. Akaketi chini, akaokota moja, akamwinulia baba yake. "Ni hii?"

"Hapana."

Akaiweka pembeni, akaokota nyingine. "Ni hii?"